Asilimia 35 ya Nini?

Aprili 2023 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba jaribio lao kubwa la dawa ya statini kwa watu wanaoishi na VVU limesimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana. Kidonge cha pitavastatini cha miligramu 4, kikimezwa kila siku, kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa ya damu kwa asilimia 35. Vyombo vya habari vilibeba namba hiyo dunia nzima, na kutoka huko ikateremka kwenye semina, kwenye makundi ya simu, mpaka kwenye mabenchi ya kusubiria dawa. Ilipofika chini ilikuwa imekwisha kugeuka sentensi nyingine kabisa: kati ya watu mia wanaomeza kidonge hiki, thelathini na watano wanaokolewa.

Naandika kuipinga sentensi hiyo, na zaidi kulipinga wazo lililoizaa, nalo ni kwamba asilimia iliyo kwenye kichwa cha habari ndiyo kipimo cha faida atakayoipata mmezaji. Wazo hilo limeenea kwa waandishi wa habari, kwa wauza dawa, na hata kwa baadhi ya watu waliosomea tiba. Si sahihi. Na huku kwetu Mbuji, kwenye miteremko ya Umatengo, kama ilivyo kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Liuli na Mbamba Bay, kosa hili lina gharama. Watu waliokuwa vijana walipoanza dawa za kufubaza VVU sasa wamevuka miaka 40 na 50. Hao ndio hasa wanaolengwa na habari hii, na hao ndio watakaoulizwa siku moja kama wanataka kuongeza kidonge kingine juu ya kile wanachomeza tayari.

Jaribio lenyewe linaitwa REPRIEVE. Lilihusisha watu 7,769 wenye umri wa miaka 40 hadi 75, kutoka nchi 12, na jirani zetu wa Uganda walikuwamo. Wote walikuwa wanatumia dawa za VVU, na kwa vipimo vya kawaida hatari yao ya ugonjwa wa moyo ilikuwa ndogo au ya wastani. Watu 3,888 walipewa pitavastatini, na 3,881 walipewa kidonge kitupu kinachofanana nayo kwa sura. Walifuatiliwa kwa takriban miaka 5. Matokeo yalipochapishwa Julai 2023, katika kundi la kidonge kitupu watu 136 walikuwa wamepatwa na tukio kubwa la kwanza la moyo au mishipa. Katika kundi la dawa walikuwa 89.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kusimama na kuchukua kalamu. Gawanya 136 kwa 3,881, unapata watu 35 katika kila 1,000. Gawanya 89 kwa 3,888, unapata watu 23 katika kila 1,000. Kutoka 35 kushuka hadi 23 ni watu 12 waliopungua. Ukiwagawa hao 12 kwa wale 35 wa mwanzo unapata theluthi moja na kidogo, na hiyo ndiyo asilimia 35 ya vichwa vya habari, tukizingatia tarakimu zilizodondoka njiani. Hilo ni punguzo linganishi: linapima tukio dhidi ya tukio. Lakini ukiwagawa hao 12 kwa watu 1,000 waliomeza dawa, unapata asilimia 1.2. Hilo ni punguzo halisi: linapima tukio dhidi ya watu. Namba zote mbili ni za kweli, zimetoka kwenye karatasi ileile, na waandishi wa utafiti walichapisha takwimu za kutosha kwa yeyote kuzipata zote mbili. Kilichopanda jukwaani ni moja tu, ile kubwa.

Sasa wapange watu 1,000 uwanjani, wote wenye VVU, wote wa aina ya wale wa REPRIEVE, wote wakimeza kidonge kwa miaka 5. Watu 965 kati yao hawangepatwa na tukio lolote hata bila kidonge. Watu 23 watapatwa na tukio ingawa wanakimeza. Watu 12 watanusurika kwa sababu ya kidonge. Jumla ni 1,000. Hakuna mahali popote katika uwanja huo unapoweza kuwapata watu 350 waliookolewa, yaani wale thelathini na watano kwa mia wanaosimuliwa kwenye mabenchi. Na ubaya mwingine ni kwamba hakuna anayejua yeye yumo katika fungu gani. Wale 12 hawatawahi kujijua. Wataona tu kwamba hawajaugua, kama wale 965.

Mkulima wa kahawa wa Mbinga hahitaji mwalimu wa takwimu kulielewa jambo hili, maana analijua shambani. Tuseme kuna dawa ya kupulizia inayopunguza hasara ya chulebuni kwa theluthi moja. Jirani mmoja ana mibuni ya zamani, na kila msimu chulebuni humlia debe 30 katika kila 100. Dawa itamrudishia debe 10, na akilipa gharama ya dawa na kibarua bado atabaki na kitu. Jirani wa pili alipanda miche inayostahimili chulebuni, ile iliyotokana na kazi ya kituo cha utafiti wa kahawa, na anapoteza debe 3 tu katika 100. Dawa ileile, kwa nguvu ileile, itamrudishia debe moja. Muuzaji akisimama mnadani akitangaza theluthi moja kwa wote wawili hajasema uongo. Ila mkulima yeyote mwenye akili timamu atamuuliza: theluthi ya nini? Mtu huyuhuyu akivua gamba la shamba akaingia zahanati, anaambiwa asilimia 35 na hathubutu kuuliza. Sioni sababu ya akili yake kubaki nje ya mlango.

Basi kinachoamua ukubwa wa faida ni hatari ya mwanzo, yaani ile ambayo mtu anayo kabla ya kumeza chochote. REPRIEVE yenyewe inalionyesha hili vizuri kuliko mfano wowote wa kubuni. Watafiti walihesabu ni watu wangapi wanapaswa kutumia dawa kwa miaka 5 ili mmoja anusurike tukio. Kwa njia yao, inayozingatia muda ambao kila mtu alifuatiliwa, jibu la jumla lilikuwa watu 106. Kisha wakawagawa washiriki kwa hatari waliyokadiriwa kuwa nayo kwa miaka 10. Kwa wale waliokadiriwa chini ya asilimia 2.5, walihitajika watu 199. Kwa waliokuwa kati ya asilimia 2.5 na 5, watu 149. Kati ya 5 na 10, watu 53. Na kwa waliozidi asilimia 10, watu 35 tu. Kutoka 199 hadi 35, ndani ya jaribio moja, chini ya kichwa kimoja cha habari. Mtu wa fungu la kwanza na mtu wa fungu la mwisho wote walisomewa asilimia 35, na mmoja wao alikuwa na faida zaidi ya mara tano ya mwenzake.

Kabla sijaondoka kwenye asilimia hiyo ya 35 niseme jambo jingine linalofichwa nayo. Si nukta, ni katikati ya upana. Kwa hesabu ya kawaida ya utafiti, punguzo la kweli linaweza kuwa dogo kama asilimia 10 au kubwa kama asilimia 52, na yote hayo yanalingana na takwimu zilizopatikana. Zaidi ya hapo, majaribio yanayokatizwa mapema kwa sababu ya faida huwa na tabia ya kuikuza faida hiyo kidogo, kwa kuwa hukatizwa wakati mzani umeinama zaidi upande mmoja. Simaanishi kwamba REPRIEVE si ya kuaminika. Ni kazi nzuri sana, na nchi za Afrika zilishiriki kuifanya. Namaanisha kwamba mtu anayeitamka 35 kama bei iliyobandikwa dukani hajaisoma.

Mtindo huu haukuanza na VVU. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la ASCOT, lililowapa atorvastatini miligramu 10 watu wenye shinikizo la damu wa Uingereza, Ayalandi na nchi za kaskazini mwa Ulaya. Washiriki walikuwa 10,305. Mishtuko ya moyo ilipungua kwa asilimia 36, na kampuni iliyouza dawa hiyo kwa jina la Lipitor ikaiweka 36 kwa herufi kubwa kwenye matangazo ya magazeti ya Marekani. Pembeni ya namba palikuwa na kinyota, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, maelezo ya kinyota: katika utafiti mkubwa, asilimia 3 ya waliopewa kidonge kitupu walipata mshtuko wa moyo, dhidi ya asilimia 2 ya waliopewa Lipitor. Ukweli wote ulikuwa kwenye tangazo lile. Ulikuwa umewekwa mahali ambapo jicho halifiki.

Huku kwetu hatupati hata kinyota. Habari ikivuka bahari na kutafsiriwa, herufi ndogo ndizo za kwanza kuachwa.

Nimesema hatari ya mwanzo ndiyo inayoamua, kwa hiyo lazima niwageukie na wale wa upande wa pili, maana wameongezeka na sauti yao ni kubwa. Hawa wamegundua punguzo halisi na wamelishika kama fimbo. Wanasema: mmeona, ni asilimia 1 tu, statini ni biashara ya wazungu, tupeni vidonge mkanywe maji ya limao. Kosa lao ni lilelile la kwanza, limevaa nguo nyingine. Wamechukua namba ya kundi moja na kumpa kila mtu. Asilimia 1 ilitokana na watu wenye hatari ndogo waliofuatiliwa kwa miaka michache. Mpeleke mtu mwingine kwenye hesabu, na asilimia 1 inakufa.

Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la Skandinavia la simvastatini. Washiriki wake 4,444 hawakuwa watu wazima wa kawaida. Walikuwa wamekwisha kupata mshtuko wa moyo au walikuwa na maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Baada ya miaka mitano na zaidi, katika kundi la kidonge kitupu walikuwa wamekufa watu 256, na katika kundi la dawa 182, na makundi hayo yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa. Kwa lugha ya punguzo linganishi ni asilimia 30, ndogo kuliko 35 ya REPRIEVE na 36 ya Lipitor. Kwa lugha ya watu, ni zaidi ya 3 katika kila 100, na hapa hatuhesabu matukio, tunahesabu makaburi. Watu 30 hivi wakimeza dawa, mmoja anabaki hai ambaye angekufa. Asilimia ndogo kuliko zote tatu ndiyo iliyobeba faida kubwa kuliko zote. Kwa hiyo mzee wa Mbuji aliyekwisha kupata kiharusi cha mshipa ulioziba, au mshtuko wa moyo, akishawishiwa na mhubiri wa limao aache statini, anapotezwa na mtu asiyejua kusoma kile anachokinukuu.

Turudi kwa asilimia 35, kwa sababu bado kuna upande mmoja wa karatasi haujageuzwa. Dawa ina madhara, na REPRIEVE iliyahesabu kwa uaminifu. Waliogundulika na kisukari walikuwa 206 katika kundi la dawa na 155 katika kundi la kidonge kitupu. Waliolalamika maumivu au udhaifu wa misuli walikuwa 91 dhidi ya 53. Sasa angalia jinsi mambo haya yanavyosimuliwa. Faida inatajwa kwa punguzo linganishi: asilimia 35. Madhara yanatajwa kwa hesabu halisi: kisukari kiliongezeka kutoka asilimia 4 hadi 5.3, ongezeko dogo. Msomaji analinganisha 35 na 1.3, na moyo wake unatulia. Lakini mizani hiyo ina mawe mawili tofauti. Kama faida itatajwa kwa lugha ya kwanza, basi na kisukari kitajwe kwa lugha hiyohiyo: kiliongezeka kwa theluthi moja hivi, na matatizo ya misuli kwa asilimia 70 na kitu. Au yote yashuke pamoja kwenye lugha ya watu: katika kila 1,000 kwa miaka 5, watu 12 wananusurika tukio la moyo au mishipa, 13 zaidi wanagundulika na kisukari, na 9 au 10 zaidi wanapata shida ya misuli.

Sisemi 12 na 13 wanalingana uzito. Kiharusi kinaweza kumlaza mtu kitandani maisha yake yote. Kisukari kinachogundulika kwa mtu ambaye sukari yake ilikwisha kukaribia mpaka ni kitu kingine, na statini mara nyingi humsukuma mtu aliyekuwa ukingoni tayari. Wapo watakaochagua kidonge bila kusita, na nadhani nami ningekuwa mmoja wao kama hatari yangu ingekuwa ya juu. Lakini huo ni uamuzi wa mwenye mwili, na hauwezi kufanyika kama namba za pande mbili zimepimwa kwa vipimo viwili. Anayefanya hivyo, awe mwandishi au mtaalamu, amekwisha kumwamulia mgonjwa bila kumwambia.

Halafu hilo neno "tukio". Katika REPRIEVE tukio kubwa lilijumuisha kifo cha moyo, mshtuko wa moyo, kiharusi, kiharusi cha muda kinachopita chenyewe, kulazwa kwa maumivu ya kifua yasiyotulia, kuziba kwa mishipa ya miguu, na pia kufanyiwa utaratibu wa kuzibua mishipa. Kila kimoja kinahesabiwa moja. Mtu wa Boston akipata maumivu ya kifua anapelekwa kwenye chumba cha kuzibua mishipa siku hiyohiyo, na takwimu inamwandika. Mtu wa Mbuji, hata akibahatika kufika hospitali ya Litembo upesi, utaratibu kama huo utamlazimu kusafirishwa mbali, hadi mahali kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja. Kwa hiyo baadhi ya matukio yanayounda ile asilimia ni ya aina ambayo huku yangeonekana kwa sura nyingine, au yasingeandikwa kabisa. Hili halifuti faida. Linamkumbusha msomaji aulize "asilimia 35 ya nini" kwa maana ya pili pia: ya vifo, ya viharusi, au ya mkusanyiko wa mambo mazito na mepesi yaliyofungwa furushi moja?

Wanaotetea kichwa cha habari wana hoja, na hoja yao nzito ni hii: mwananchi wa kawaida ukimwambia 12 kwa 1,000 atakata tamaa, hatameza, na watu watakufa, afadhali umpe 35, imtie moyo. Nimeisikia hoja hii kwa watu wenye nia njema. Naikataa kwa sababu mbili. Kwanza, inamchukulia mtu mzima aliyemeza dawa za VVU kila siku kwa miaka 15, bila kukosa, akatunza tarehe zake za kliniki kuliko wengine wanavyotunza za harusi zao, kuwa hawezi kubeba namba ndogo. Pili, haifanyi kazi hata kwa kile inachokitaka. Kumbuka wale 23 wanaopatwa na tukio huku wanameza. Mahali ambapo watu waliahidiwa uokozi wa theluthi nzima, mmoja wa konga akianguka kwa kiharusi akiwa na chupa ya statini kabatini, wenzake watasema tulidanganywa. Na hawataishia kuitilia shaka statini. Wataanza kuutilia shaka mkono uliowapa, na mkono huo ndio unaowapa dawa za kufubaza virusi. Waliokuwapo mwaka 2011 watu walipoacha dawa zao kwa ajili ya kikombe cha Loliondo wanajua imani ikiyumba inawapeleka watu wapi. Aliyeambiwa mapema kwamba dawa inapunguza na haifuti, na kwamba baadhi wataugua pamoja nayo, hana cha kushangaa siku hiyo ikifika.

Hoja yao ya pili ni ya kitaalamu zaidi na ina ukweli ndani yake. Wanasema punguzo linganishi ndilo linalosafiri. Dawa inayoshusha hatari kwa theluthi Glasgow itashusha kwa karibu theluthi Kampala, ilhali punguzo halisi hubadilika kila unapobadilisha watu, kwa hiyo mwanasayansi ana haki ya kulitangaza la kwanza. Nakubali kabisa kwamba linasafiri vizuri. Ndiyo maana ni chombo cha kufanyia hesabu, na hesabu ina hatua ya pili: unalichukua, unalizidisha na hatari ya mtu aliye mbele yako. Aliyeishia hatua ya kwanza ameacha kazi nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyomhusu mgonjwa.

Ya tatu ni ya wizara: ukiwapa watu laki moja, 12 kwa 1,000 ni watu 1,200 walionusurika, si jambo dogo. Kweli kabisa. Mpangaji wa bajeti ana haki ya kuhesabu hivyo, mradi ahesabu pia visukari 1,300, vipimo, usafirishaji, na kazi nyingine ambayo fedha hizo zingefanya. Lakini mama aliyekaa mbele ya muuguzi si laki moja. Yeye ni mmoja.

Basi tumfanyie hesabu yeye. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati za kukadiria hatari ya moyo na kiharusi kwa miaka 10, zilizogawanywa kwa kanda 21 za dunia, na kanda yetu ya mashariki mwa Afrika kusini mwa Sahara ina ya kwake. Kuna chati isiyohitaji maabara kabisa: inataka jinsia, umri, kama mtu anavuta sigara, namba ya juu ya presha, na uwiano wa uzito na urefu. Kila kimoja cha hivyo kinapatikana kwenye zahanati yenye mashine ya presha, mizani na futi. Ukishapata kisanduku chake unasoma rangi: kijani ni chini ya asilimia 5, njano ni 5 hadi chini ya 10, rangi ya chungwa 10 hadi chini ya 20, na nyekundu ni kuanzia 20 kupanda.

Tuseme mwanamke wa miaka 44, havuti, presha yake nzuri, chati inampa 3 katika 100 kwa miaka 10. Punguza kwa asilimia 35: inabaki karibu 2. Kati ya wanawake 100 kama yeye wakimeza kwa miaka 10, mmoja ananusurika. Mwanamume wa miaka 63, mvuta sigara, presha imepanda, chati inampa 15. Punguza kwa asilimia 35: inabaki karibu 10. Kati ya 100 kama yeye, 5 wananusurika. Asilimia ileile, faida mara tano.

Zipo tahadhari mbili. Chati haina kisanduku cha VVU, na uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi unaonyesha kwamba wanaoishi na VVU wana hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa takriban mara mbili ya wasio nao. Kwa hiyo namba za mwanamke yule zinapaswa kusogezwa juu. Lakini hata hiyo "mara mbili" ni namba linganishi, na swali ni lilelile: mara mbili ya 3 ni 6, na kwa 6 anayenusurika ni karibu 2 kati ya 100, bado hatujafika kwa mzee mvuta sigara. Tahadhari ya pili inavuta upande mwingine. Kanuni ya Kimarekani iliyotumika kukadiria hatari za washiriki wa REPRIEVE ilipopimwa baadaye dhidi ya yaliyotokea, ilionekana kuikadiria hatari kupita kiasi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayeitumia kanuni hiyo Mbinga, kwa sababu tu ipo kwenye simu, ataona hatari kubwa kuliko iliyopo, na kwa hiyo faida kubwa kuliko iliyopo. Chati ya kanda yetu itumike.

Ukimweka mwanamume yule pale kwenye zahanati utaona kingine, nacho ndicho kinachonifanya niandike kwa nguvu hivi. Hatari yake ya 15 imejengwa na sigara na presha, na vyote viwili vinashikika bila statini: presha kwa vidonge vilivyozoeleka, sigara kwa kuacha. Mtu aliyebeba asilimia 35 kichwani ataanza kwa kumtafutia pitavastatini, dawa ambayo hata mijini si rahisi kuipata. Mtu aliyebeba 15 kichwani atamfunga mkanda wa presha kwanza, atampa dawa ya presha na tarehe ya kurudi, kisha atamwambia: baba, kuna na kidonge cha mafuta ya damu, atorvastatini ipo, kati ya watu mia walio kama wewe, kwa miaka kumi, kinaweza kuwanusuru watano hivi, na wapo wachache kitakaowaletea maumivu ya misuli au sukari kupanda. Unaonaje?